Ripoti ya Mwanasaikolojia Katika Kesi ya Ulezi: Aliyoyaona, Uwezo wa Mzazi, na Anachopendekeza

Wazazi wawili wanapotengana na kukosa kuelewana mtoto atakaa kwa nani, kesi yao huishia mbele ya hakimu wa Mahakama ya Watoto. Hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa watoto, ambaye huangalia makao, shule na hali ya jumla ya familia. Katika baadhi ya kesi, hasa pale kila mzazi anapodai kwamba mwenzake anamuumiza mtoto moyoni, huombwa pia tathmini ya mwanasaikolojia. Ripoti hiyo huwa na kurasa nyingi, na mzazi anayekabidhiwa nakala hufanya jambo ambalo karibu kila mtu angelifanya: hukimbilia ukurasa wa mwisho kutazama nani amepewa mtoto.

Ukurasa wa mwisho ndio mahali pabaya pa kuanzia. Ripoti iliyoandikwa vizuri ina sehemu tatu ambazo hazichanganywi. Ya kwanza inaeleza yale ambayo mwanasaikolojia aliyaona na kuyasikia. Ya pili inapima uwezo wa kila mzazi wa kumlea mtoto huyo. Ya tatu inapendekeza mpango wa malezi. Anayesoma sehemu ya tatu peke yake hawezi kujua kama pendekezo limesimama juu ya msingi au limeelea hewani.

Utengano huu una sababu ya kisheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaongeza kwamba mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni yake, na maoni hayo yapimwe kulingana na umri na ukomavu wake. Anayeamua hayo yote ni hakimu. Mwanasaikolojia ni shahidi mtaalamu. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maoni yake yasikilizwe, lakini mahakama haifungwi nayo. Hakimu hawezi kuyapima maoni hayo ikiwa haoni yametoka wapi.

Sentensi moja inayobeba mambo matatu

Chukua sentensi kama hii: "Mtoto alionyesha hofu kwa baba, ambaye ni mkali, na hivyo anafaa kubaki na mama." Inasomeka vizuri na inaonekana ya kitaalamu. Ndani yake, hata hivyo, mna mambo matatu yaliyofungwa katika furushi moja. "Alionyesha hofu" si jambo lililoonekana. Ni tafsiri ya jambo fulani ambalo msomaji hajaambiwa. "Ni mkali" ni hukumu juu ya tabia ya mzazi. "Anafaa kubaki na mama" ni pendekezo. Wakili wa baba akiuliza mahakamani, "Mtoto alifanya nini hasa?", hakuna jibu kwenye karatasi, na miezi minane baada ya ziara kumbukumbu ya mwandishi nayo imefifia.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili. Si kesi ya familia yoyote. Msichana wa miaka saba yuko Gredi ya 2 na ana pumu. Mama anaishi naye katika chumba cha kupanga huko Skuta na anauza mitumba mjini Nyeri. Baba ni fundi wa magari, anaishi Naro Moru pamoja na mama yake mzazi. Wametengana kwa miezi kumi na minne. Mama anasema mtoto hukojoa kitandani kila akirudi kutoka kwa baba. Baba anasema mtoto huachwa kwa jirani hadi usiku. Mahakama imeuliza maswali mawili: mtoto aishi wapi wakati wa shule, na awe na muda gani na mzazi wa pili. Maswali hayo huandikwa mwanzoni mwa ripoti, kwa sababu ndiyo mipaka ya kazi yenyewe. Mwanasaikolojia hakuulizwa nani alivunja ndoa, wala nani anadaiwa kodi ya nyumba.

Yaliyoonekana na kusikika

Ziara ya kwanza kwa baba ingeandikwa hivi: "Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mama alimleta mtoto hadi mlangoni. Wazazi hawakusalimiana. Mama alimwambia mtoto, 'Akikufanya kitu unaniambia,' kisha akaondoka. Mtoto alisimama karibu na mlango akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakusema neno kwa takriban dakika nne. Baba alichuchumaa mbele yake, akamuuliza kama amekula. Mtoto akajibu, 'Bado.' Baba akampeleka jikoni kwa nyanya."

Hakuna neno "hofu" hapo, wala "mkali", wala "upendo". Kuna saa, mahali, nani alikuwepo, nani alisema nini na mtoto alifanya nini. Mama akiisoma na baba akiisoma, wote wawili wanapaswa kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, hata kama hawakubaliani kabisa juu ya maana yake. Hicho ndicho kipimo kizuri cha sehemu hii. Ikiwa mzazi mmoja anaweza kusema "hayo ni maoni yako", basi neno fulani limeingia mahali pasipo pake.

Dakika nne za kimya zinaweza kuwa na maana nyingi. Huenda mtoto anamwogopa baba. Huenda amechoka baada ya safari ya matatu kupitia Chaka, au hajamwona baba kwa wiki tatu na ana haya. Huenda mgeni mwenye daftari aliyeketi kwenye kochi ndiye anayemtia wasiwasi. Au ni maneno ya mama pale mlangoni. Mwanasaikolojia mwangalifu haichagui maana inayompendeza. Hutafuta njia ya kuzitenganisha. Katika mfano wetu alipanga ziara ya pili ambapo baba alimchukua mtoto shuleni mwenyewe siku ya Ijumaa, mama akiwa kazini. Safari hii mtoto alitoka langoni akikimbia, akampa baba mkoba na kuanza kumweleza habari za mwalimu kabla hawajafika barabarani. Kwa hiyo kuna maono mawili yasiyofanana, na yote mawili yanaandikwa. Ripoti inayotaja ziara ya kwanza na kunyamazia ya pili imemdanganya hakimu bila kuandika uongo hata mmoja.

Maneno ya mtoto yanahitaji uangalifu zaidi. Huandikwa kama alivyoyasema, katika lugha aliyoyasema, pamoja na swali lililotangulia. Jibu "Sitaki kwenda kwa baba" lina uzito mmoja likija baada ya swali "Niambie siku yako huko Naro Moru inakuwaje", na uzito mwingine kabisa likija baada ya "Hutaki kwenda kwa baba, sivyo?" Mtoto anayezungumza Kikuyu nyumbani na Kiswahili shuleni anaweza kuwa na maneno machache ya hisia katika lugha moja kuliko nyingine, ikiwa alihitaji mkalimani, ripoti iseme, na mkalimani huyo asiwe shangazi wala jirani wa upande wowote. Msichana wa mfano wetu alipoulizwa kwa swali la wazi alisema: "Kwa shosho ni poa, lakini usiku nakohoa na baba hajui ile dawa." Sentensi hiyo fupi ilikuja kuwa na kazi kubwa kuliko hati za kiapo za pande zote mbili.

Yale ambayo wazazi wanadai huwekwa pia katika sehemu hii, lakini kama madai. "Mama anasema mtoto hukojoa kitandani" si sawa na "mtoto hukojoa kitandani". Pale inapowezekana madai hutafutiwa ushahidi wa tatu: mwalimu wa darasa, kitabu cha kliniki, jirani anayetajwa. Kukojoa kitandani kwenyewe ni dalili yenye sababu nyingi, kuanzia usingizi mzito na maambukizi hadi mabadiliko ya makao, hakumtambulishi mkosaji. Jambo moja tu halisubiri ripoti. Mtoto akieleza kwamba anapigwa au ananajisiwa, habari hiyo hupelekwa kwa afisa wa watoto au polisi siku hiyo hiyo.

Uwezo wa kumlea mtoto huyu

Sehemu ya pili ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani mwanasaikolojia anapima nani ni mzazi mzuri, kana kwamba wazazi hupangwa kwa alama kama wanafunzi. Kinachopimwa ni uhusiano kati ya mahitaji ya mtoto fulani na yale ambayo mzazi fulani anajua, anaweza na hufanya. Kwa hiyo ripoti huanza na mahitaji ya mtoto. Msichana huyu anahitaji pumu yake isimamiwe kila siku katika baridi ya chini ya Mlima Kenya. Anahitaji ratiba ya shule isiyoyumba, na anahitaji uhuru wa kuwapenda wazazi wote wawili bila kulipia.

Kila hitaji sasa hupimwa kwa kila mzazi, na kila hoja hurejea kwenye aya ya sehemu ya kwanza. Kuhusu pumu, mama alionyesha inhela mbili, akaeleza ipi ni ya kila siku na ipi ni ya wakati wa shambulio, na akaonyesha jinsi mtoto anavyovuta dawa kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa ili imfikie mapafuni. Baba alijua mtoto ana pumu, lakini alipoombwa aonyeshe alimpulizia dawa mdomoni bila chupa na bila kumwambia avute pumzi. Jiko la nyanya linatumia kuni, nalo liko karibu na chumba anacholala mtoto. Kuhusu ratiba, mwalimu alithibitisha kwamba mtoto hufika kwa wakati. Jirani wa Skuta alisema humkaa mtoto siku tatu kwa wiki, na mama humchukua kati ya saa moja na saa mbili usiku, akiwa ameshakula. Kuhusu uhuru wa kupenda wazazi wote, baba hakusema neno baya juu ya mama mbele ya mtoto katika ziara zote mbili. Mama alisema maneno ya mlangoni, na mwanasaikolojia alipomuuliza baadaye alieleza kwamba hakuwa na njia nyingine ya kumlinda.

Hapa tafsiri inaruhusiwa, kwa sharti ionekane kuwa tafsiri. Mwanasaikolojia anaweza kuandika: "Kimya cha ziara ya kwanza kinaelezeka zaidi kwa mvutano wa makabidhiano kuliko kwa kumwogopa baba, kwa kuwa hakikujitokeza pale mama hakuwepo. Ziara mbili ni chache, na uwezekano mwingine haujafutika." Anaeleza anavyofikiri, anaeleza kwa nini, na anaonyesha udhaifu wa hoja yake. Anatofautisha pia upungufu unaofundishika na ule usiofundishika kwa urahisi. Kutojua kutumia inhela kunaweza kurekebishwa kliniki kwa asubuhi moja. Mzazi anayeonyeshwa na bado anapuuza ni jambo jingine, nalo linahitaji ushahidi wake.

Umaskini ndio mtego mkubwa wa sehemu hii. Chumba kimoja cha Skuta kikilinganishwa na nyumba yenye shamba na ng'ombe huko Naro Moru, jicho huvutwa na nafasi. Lakini ukubwa wa nyumba ni hali ya makao. Si uwezo wa malezi, isipokuwa pale unapogusa hitaji la mtoto, kama ule moshi wa kuni. Dodoso za kisaikolojia nazo zina mipaka yake. Nyingi zilitungwa na kupimwa katika nchi nyingine, na kipimo cha haiba ya mtu mzima hakisemi kama anaamka usiku mtoto akikohoa. Alama zikitumika, ripoti iseme kipimo ni kipi, kilijibiwa kwa lugha gani, na ziwekwe kando ya mambo mengine, si juu yake.

Mapendekezo

Sasa ndipo pendekezo linapokuja, na halipaswi kumshangaza aliyesoma sehemu mbili za kwanza. Katika mfano huu: mtoto aishi na mama wakati wa muhula, kwa sababu ya ratiba na usimamizi wa pumu. Awe na baba kila wikendi ya pili na nusu ya kila likizo. Kabla ya kulala huko usiku, baba na nyanya wafundishwe matumizi ya inhela kliniki, na mtoto alale chumba kilicho mbali na jiko. Baba amchukue mtoto shuleni Ijumaa, ili wazazi wasikutane mlangoni. Mpango uangaliwe tena baada ya muhula mmoja. Kila kipengele kinaonyesha aya kilikotoka, na hata makabidhiano ya shuleni yametokana na tofauti kati ya ziara mbili.

Wanasaikolojia wenyewe hawakubaliani kama waandike sehemu hii. Mwaka 2005 wakili Timothy Tippins na mwanasaikolojia Jeffrey Wittmann wa Marekani walichapisha makala iliyozua mjadala mrefu. Walisema hoja ya mtaalamu hupanda ngazi nne: alichokiona, maana yake kisaikolojia, maana hiyo kwa maisha ya mtoto chini ya kila mpango, na mwisho nani apewe mtoto. Ngazi ya mwisho, walisema, si ya sayansi. Ni ya maadili na sheria, na ni ya hakimu. Wengine walijibu kwamba hakimu mwenye foleni ya kesi anahitaji msaada, na kwamba pendekezo husaidia wazazi kuelewana nje ya mahakama. Miongozo ya Shirika la Wanasaikolojia la Marekani ya mwaka 2010 ilikaa katikati: haikumlazimisha mtaalamu kutoa pendekezo, ila akilitoa, lijengwe juu ya maslahi ya kisaikolojia ya mtoto. Njia hiyo ya katikati inafaa pia hapa kwetu, mradi pendekezo lionekane kuwa pendekezo na lisijifiche ndani ya maelezo ya ziara.

Dalili za ripoti dhaifu

Kosa zito kuliko yote ni kumpendekeza mzazi mmoja baada ya kuonana na yeye peke yake. Hutokea pale mzazi anapompeleka mtoto kwa mwanasaikolojia kwa gharama yake na kurudi na barua. Mtaalamu huyo anaweza kueleza hali ya mtoto aliyemwona. Hawezi kusema lolote juu ya uwezo wa mzazi ambaye hajakutana naye. Karibu na kosa hilo kuna la mshauri ambaye tayari anamtibu mama, baba au mtoto kugeuka kuwa mtathmini. Tabibu yuko upande wa anayemtibu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mtathmini hana upande.

Dalili nyingine huonekana kwa kusoma tu. Tarehe na saa za ziara hazipo. Upande mmoja umepewa kurasa sita na mwingine kurasa moja na nusu. Baba "anadai" lakini mama "anaeleza". Yameingia majina mazito, kwamba mzazi "ana haiba yenye kasoro" au "anamlisha mtoto chuki", bila tukio hata moja lililotajwa. Na katika mapendekezo limechomoza jambo jipya, kama ulevi wa mzazi, ambalo halikuguswa popote nyuma.

Mzazi anayepokea ripoti asome sehemu ya kwanza kwanza, akiwa na kalamu, na aweke alama kwenye makosa ya ukweli: tarehe, majina ya waliokuwepo, maneno aliyonukuliwa. Makosa hayo hupelekwa kwa wakili, au kwa mahakama ikiwa hana wakili, kabla ya siku ya kusikilizwa. Kutokubaliana na tafsiri ni jambo tofauti, na njia yake ni maswali wakati mwanasaikolojia anapotoa ushahidi. Swali lenye nguvu ni fupi: "Hili limetoka aya gani?" Ripoti ina habari za siri za mtoto, haisambazwi kwa jamaa wala haitumwi kwenye kundi la simu la ukoo, na mtoto hasomewi.

Kabla ya tathmini, mkazi anaweza kuuliza kama mwanasaikolojia amesajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2014. Maafisa wa watoto wako chini ya Serikali ya Kitaifa na wana ofisi katika kaunti ndogo. Mtoto aliye hatarini anaweza kuripotiwa wakati wowote kwa nambari 116, bila malipo.